Maswali Yaliyotangulia Nembo ya FedEx

Mwaka 1994 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiitwa Federal Express, ambayo ndege zake zilianza kusafirisha vifurushi kutoka mji wa Memphis mwaka 1973, iliwatokea wateja wake kwa jina fupi la FedEx na kwa nembo ambayo walimu wa ubunifu wangali wakiisomesha. Aghalabu wanaoisimulia husimulia mshale mweupe uliojificha baina ya herufi ya E na ya x, na hapo hutua. Lakini kwa mwenye kutaka kujua kazi ile ilitendekaje, sehemu yenye faida kubwa zaidi ni ile iliyotangulia michoro, pale mbunifu Lindon Leader na wenzake wa kampuni ya Landor walipokaa na mteja wao, na wateja wa mteja wao, wakauliza.

Jambo la kwanza walilolitafuta halikuwa rangi wala umbo, bali tofauti iliyopo baina ya kile ambacho kampuni inakifanya na kile ambacho watu wanadhani inakifanya. Wakakuta kwamba kampuni ilikwisha kuenea ulimwenguni, hasa baada ya kuinunua Flying Tiger mwaka 1989, ilhali wafanyabiashara wengi waliendelea kuihesabu kuwa ni ya vifurushi vya usiku mmoja ndani ya Marekani tu. Wakakuta pia kwamba neno "Federal" liliwapeleka watu fikra zao kwenye afisi za serikali na urasimu wake, na kwamba wateja wenyewe walikwisha kulifupisha jina zamani, wakisema FedEx katika mazungumzo yao ya kila siku, hata wakaligeuza kuwa kitenzi cha kupeleka mzigo kwa haraka. Jina jipya, basi, halikubuniwa na mbunifu; liliokotwa vinywani mwa watu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeuliza wanaitaje.

Jambo la pili ndilo ninalolishikilia zaidi. Kwa masimulizi ya Leader mwenyewe, Frederick Smith, mwanzilishi na mkuu wa kampuni, alieleza kwamba magari yake ni matangazo yanayotembea, na kwamba anataka kuliona gari la FedEx waziwazi kutoka umbali wa mitaa mitano. Tulitazame jawabu hilo kwa makini. Hakusema anataka nembo ya kisasa, wala yenye nguvu, wala ya kuaminika, maneno ambayo kila mteja huyasema na ambayo hayamfungi mtu yeyote. Alitoa kipimo. Mchoro wowote utakaoletwa mezani waweza kubandikwa ubavuni mwa gari, gari likapelekwa umbali huo, na mtu yeyote mwenye macho akahukumu kama unasomeka au hausomeki. Na ukiwa hausomeki, mkuu wa kampuni hana haja ya kusema haupendi, wala mbunifu hana njia ya kuutetea kwa ufasaha wa ulimi. Maadamu jina la zamani lilikuwa na herufi 14 na jipya lina herufi 5, kipimo hicho peke yake kilitosha kuonesha faida ya jina lililookotwa, kwa kuwa katika ubavu ule ule wa gari herufi chache zaweza kuandikwa kubwa zaidi sana.

Kwa ajili hiyo naona kwamba swali la kumwuliza mteja mpya hupimwa kwa jambo moja: je, jawabu lake laweza kuja kukataa mchoro? Likiwa haliwezi, swali hilo ni mazungumzo mazuri tu, na mbunifu atatoka kikaoni akiwa na kurasa nyingi za maneno asizoweza kuzitumia.

Haifai, hata hivyo, kuyadai mahojiano yatoe kile wasichoweza kukitoa wahojiwa. Timu ya Leader ilichora zaidi ya michoro 200, na mshale ule haukutajwa na mteja yeyote. Ulionekana katika kuzisogeza herufi karibu karibu, na ukapatikana barabara baada ya Leader kuchanganya tabia za mitindo miwili ya herufi, Univers na Futura. Mahojiano hayachori. Kazi yake ni kuweka mipaka ambayo ndani yake mchoro uliopatikana kwa jicho na mkono utajulikana kuwa ni sahihi au ni pambo tu.

Sasa tuuteremshe utaratibu huu kwa mteja wa kawaida, asiye na ndege. Tuchukulie mwenye kinu cha unga wa sembe, anayeuza kwa viroba vya kilo 25 na vya kilo 5, amekuja kwa mbunifu akisema anataka nembo mpya, ya kisasa. Mbunifu mwenye haraka atamwuliza anapenda rangi gani na nembo zipi za wengine zinamvutia, na kwa maswali hayo mawili atakuwa amekwisha kumfundisha mteja kwamba kazi itahukumiwa kwa mapenzi yake. Mwenye busara ataanza na tukio: "Mzee, kitu gani kimetokea hata ukaamua kubadilisha sasa, na si mwaka jana?" Jawabu la kwanza huwa ni la adabu, kwamba ya zamani imechakaa. Haifai kuridhika nalo; anyamaze kidogo, kisha aulize tukio la mwisho lilikuwa lipi. Ndipo huenda ikabainika kwamba duka kubwa la mjini limekataa kupokea viroba kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa tarehe na uzito kwa namna inayosomeka, au kwamba kinu kingine kimetoa kiroba cha rangi ile ile na wenye maduka wanavichanganya. Hizo ni kazi mbili mbalimbali kabisa. Ya kwanza yaweza kumalizwa kwa kupanga upya maandishi bila kuigusa nembo, na mbunifu mwaminifu atasema hivyo, hata kama malipo yatapungua. Ya pili inadai tofauti inayoonekana kwa mbali, na hapo nembo na rangi ndizo zenyewe.

Swali linalofuata ni lile la FedEx: mnunuzi akifika dukani, anautaja unga huu kwa jina gani? Katika maduka yetu watu wengi hawalisomi jina lililochapwa. Husema "nipe ule wa twiga" au "nipe ule wa mfuko wa kijani". Mwenye kinu aghalabu hajui wanasemaje, kwa sababu yeye huzungumza na wauzaji wa jumla, na atajibu kwa niaba ya wanunuzi kama anavyotamani iwe. Hii ndiyo dalili ya hakika ya mahojiano yaliyopotea njia: mtu mmoja anajibu maswali ya watu ambao hawapo kikaoni. Dawa yake ni kuomba ruhusa ya kwenda kusimama katika maduka machache asubuhi na jioni, na kuandika maneno kama yanavyotamkwa, bila kuyatengeneza. Ikidhihirika kwamba watu wanasema "ule wa twiga", basi twiga si pambo. Ni jina la bidhaa, na mbunifu atakayemwondoa ili ukurasa upate nafasi atakuwa amelifuta jina.

Lililotokea kwa maji ya machungwa ya Tropicana, wakati huo mali ya PepsiCo, linaonesha hasara ya kutolifikia swali hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2009 pakiti yake ilibadilishwa nchini Marekani. Lile chungwa lililochomekwa mrija likaondolewa, ikawekwa picha ya bilauri ya maji ya machungwa na maandishi mapya. Wanunuzi walipita mbele ya rafu wasiitambue, wengine wakaidhania ni bidhaa ya bei nafuu ya duka lenyewe. Mauzo yakaanguka kwa kadiri ya asilimia 20 katika muda usiotimia miezi miwili, na mwezi wa Februari kampuni ikatangaza kuirudisha pakiti ya zamani. Kwa hiyo mwenye kinu aulizwe kwa maneno mafupi: "Kitu gani hapa, tukikiondoa, watu hawatakutambua?" Asipojua, jawabu litafutwe dukani kwa kuwaonesha wanunuzi kiroba kilichofunikwa jina, kisha kilichofunikwa picha, na kutazama ni kipi kinachowatatiza.

Halafu waje kwenye kiroba chenyewe. Hufumwa kwa nyuzi za plastiki, na uso wake una mikwaruzo isiyoshika mistari myembamba wala rangi zinazofifia polepole kutoka nzito hadi nyepesi. Kila rangi inahitaji pleti yake katika mashine ya kuchapia, na kila pleti ina gharama. Mbunifu aulize mchapaji ni nani, anachapa rangi ngapi, na viroba vilivyokwisha kuchapwa vimebaki vingapi ghalani, kwa kuwa mteja mwenye viroba vya miezi mingi hatavitupa, na nembo mbili zitakaa dukani pamoja kwa muda wote huo. Aulize pia kiroba kinawekwaje dukani. Viroba hulazwa kimoja juu ya kingine, na mnunuzi huona ncha tu, wala si uso uliopambwa. Mdomo nao hukunjwa na kushonwa, ukameza sehemu ya juu ya mchoro. Majawabu haya manne yatakataa michoro mingi kuliko majadiliano ya siku nzima kuhusu uzuri. Kama jawabu ni "rangi mbili, na ncha ndiyo inayoonekana", basi mchoro wa rangi tano uliokaa katikati ya uso umekwisha kukataliwa kabla haujachorwa.

Limebaki swali ambalo wengi huliona la aibu, nalo ni nani mwenye neno la mwisho. Kinu chaweza kuwa cha baba, kikaendeshwa na mwana, na mtaji ukawa wa mjomba asiyehudhuria. Na kazi iliyokubaliwa na mwana ikavunjwa na mjomba kwa neno moja. Njia ya heshima ni kuuliza habari za nyuma: "Mara ya mwisho mlipobadilisha kiroba, nani alikwenda kwa mchapaji akasema chapa?" Huyo ndiye sharti awepo kikaoni mara ya pili, au walau ayasome majawabu.

Na majawabu yaandikwe, katika ukurasa mmoja, kwa maneno ya mteja mwenyewe, kila moja likifuatwa na hukumu yake juu ya mchoro: twiga abaki, rangi zisizidi mbili, alama ionekane kwenye ncha, isifanane na kiroba cha jirani kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara. Mwenye kinu asome, asahihishe, aweke saini. Akisema juu ya mstari wowote kwamba "hilo tutaliona baadaye", mbunifu asishike penseli. Arudi kwenye swali lile lile, alielekeze kwa mtu anayelijua jawabu.