Risiti za Mama

Sanduku la mama lilikuwa limevimba. Mvua za Bomet huingia hata kwenye mbao: ubao hunywa unyevu, hupanuka, na mfuniko hung'ang'ania kuta. Mdogo wangu alishika panga.

"Dada, tulipasue."

Nilimkataza. Tulilianika uani siku tatu, tukilirudisha ndani kila mchana mawingu yalipokusanyika, na jioni tukatia mafuta ya taa kwenye bawaba zenye kutu. Siku ya nne tulizigonga pini kwa msumari na nyundo hadi zikachomoka, na mfuniko ukainuka kwa nyuma.

Ndani mlikuwa na aproni yake ya plastiki na risiti za kituo cha kununulia majani ya chai, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Tulisoma moja: kilo 18. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, kwa vidole vilivyopasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu. Hashindilii kikapuni, kwa sababu majani yaliyobanwa hupata joto, hugeuka mekundu, na karani huyakataa. Kilo 18 zile, zikishasindikwa kiwandani, hubaki kilo 4 hivi za chai. Mama alizibeba mgongoni hadi kituoni, akasubiri lori, mara nyingine hadi usiku. Baada ya siku kumi hivi alirudi kwenye michai ileile.

Mdogo wangu alihesabu risiti za mwaka nilioanza sekondari. Zilikuwa 143. Karo yangu yote ilitoka humo.