Kusoma Visanduku Vinne vya Njegere

Jedwali la Punnett, lililopewa jina la mwanabiolojia Reginald Punnett wa Cambridge, halina pambo: ni mraba wenye visanduku vinne, herufi mbili juu na mbili ubavuni. Napenda kumtazama mtu anayejua kulichora. Haanzi na visanduku. Huanza na kingo, kwani hapo ndipo huandikwa anachotoa mzazi, na mzazi hutoa nusu tu ya alichonacho. Mnjegere wenye Rr huweka R katika baadhi ya chembe zake za uzazi na r katika nyingine, kwa hiyo kila safu hupewa herufi moja. Mjuzi akiona Rr imebanwa juu ya safu moja, hahitaji kusoma zaidi. Mbegu zitapata herufi tatu au nne, ilhali zinatakiwa kuwa na mbili.

Tuchukue mnjegere wa Rr uliojichavusha wenyewe. Visanduku vinajaa: RR, Rr, Rr na rr. R hata moja hufanya mbegu iwe ya mviringo. Ni rr peke yake inayoifanya iwe na mikunyanzi. Basi mchoraji hutia kivuli visanduku vitatu na kukiacha kimoja cheupe. Uwezekano wa kupata mbegu ya mviringo ni 3/4. Ganda lenye mbegu nne halilazimiki kugawanyika hivyo, maana kila mbegu hubahatika kivyake. Uwiano huonekana zikiwa nyingi. Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri huko Brno, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunyanzi.

Uhodari hasa hujitokeza swali linapogeuka. Mbegu ya mviringo iko mkononi: kuna uwezekano gani kwamba imebeba r? Wengi huona Rr mbili kati ya visanduku vinne na kujibu nusu. Msomaji makini hukumbuka kwamba kivuli huonyesha umbo tu, na herufi ndizo zinazosema kilichomo ndani. Umbo limeshajulikana, kwa hiyo kisanduku cheupe kimetoka kwenye hesabu. Vimebaki vitatu, na viwili vyake vina r. Jibu ni 2/3.

Mendel alilithibitisha hilo shambani kwa subira ninayoistahi sana. Alipanda mbegu za mviringo, akapata mimea 565, kisha akaangalia kila mmoja unazaa nini. Mimea 193 ilizaa mbegu za mviringo tupu. 372 ilizaa za aina zote mbili. Hiyo ni karibu kabisa na theluthi mbili.

Hesabu hiyohiyo hufanywa kwa selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, mtoto wao asiye mgonjwa ana uwezekano wa 2/3 wa kubeba S, na kipimo cha damu ndicho kitakachomwambia kama anayo.