Safu ya Kulia Iliyoachwa Tupu

Mwenye kutaka kupima ubora wa muswada wa video ya maonyesho, ile ambayo kampuni changa huwaonyesha wenye mitaji katika nafasi ya dakika chache, na aanze kwa kutazama kama picha inathibitisha kile kile ambacho sauti inadai. Muziki, nembo na ufasaha wa msemaji vitangoja.

Mfano mzuri ni chujio la maji. Maji mengi ya kandokando ya Mlima Meru, kwa sababu ya miamba ya volkano, yana floraidi iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na athari yake huonekana bayana katika meno ya kahawia. Ndiyo tabu iliyomsukuma Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, kubuni chujio lililompatia mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, itolewayo na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza.

Tuseme, basi, kijana wa Sokon I ameleta muswada wa chujio lake mwenyewe, umepangwa safu mbili kama ilivyo ada, picha kushoto na maneno kulia. Kushoto: maji ya tope yanamiminwa, yanatoka maangavu. Kulia: "Sasa hayana floraidi." Mjuzi atauweka chini papo hapo, kwani floraidi haionekani kwa macho, na maji ya chemchemi yanayometa yaweza kuwa nayo tele; tope lililoondoka ni ushahidi wa tope tu.

Muswada bora huteka glasi mbili zinazofanana, moja bombani na moja kwenye chujio, kisha huzitia kipimo kile kile cha dawa nyekundu ya zirkoni, ambayo hupauka kadiri floraidi inavyozidi, na kamera haikatwi tangu kuteka hata rangi kuachana. Kwa kuwa hapa maji mema ndiyo yanayobaki mekundu, jambo linaloweza kumghilibu mtazamaji, sentensi moja humwonya kabla ya tone la kwanza. Baada yake safu ya kulia huwa tupu. Mimi hutazama utupu huo kabla ya kusoma neno lolote, maana mwandishi anayeshindwa kunyamaza hapo, nadhani, haiamini bidhaa yake.

Halafu hutafuta picha ya kubadilisha kile kinachonasa floraidi ndani ya chujio. Mkaa wa mifupa, mathalani, hunasa floraidi mpaka ukashiba, na ukishashiba maji huendelea kutoka yakiwa maangavu vile vile. Muswada usioonyesha nani atakuja kuubadilisha, lini na kwa shilingi ngapi, umeficha biashara yenyewe.

Mwisho usomwe kwa sauti, saa ikiwa mkononi. Maneno yakizidi 150 kwa dakika moja na nusu, msemaji atakimbia, na cha kufutwa kwanza ni picha ndefu ya Meru iliyopigwa kutoka angani, pamoja na maneno yake.