Video za Washindani Zipimwe kwa Umri Mmoja

Mwenye chaneli ya mapishi jijini Dar es Salaam alituletea jedwali alilokuwa akilijaza kwa mkono kila tarehe ya mwisho wa mwezi. Alifungua chaneli nne za washindani wake kwenye YouTube, akahesabu video za mwezi huo, akanakili idadi ya watazamaji, laiki na maoni. Mwezi ule jedwali lilimwambia kwamba anaongoza: video yake ya katikati, ukizipanga zote kuanzia ndogo hadi kubwa, ilikuwa na watazamaji 2,300, na ya mshindani wake mkubwa 1,500. Namba alizinakili sawasawa. Jibu ndilo lililokuwa na kasoro.

Namba inayoonekana chini ya video ni jumla ya tangu siku ilipotoka hadi dakika unayoitazama. Video ya tarehe 2 imekusanya watu kwa wiki nne. Ya tarehe 29 ina siku moja tu. Mshindani yule alikuwa ametoa video 14, na 9 kati ya hizo zilitoka wiki ya mwisho, Shaabani ikiwa ukingoni na watu wakianza kutafuta mapishi ya futari. Mteja wetu alikuwa na video 8, nyingi za mwanzoni mwa mwezi. Alikuwa akilinganisha mti uliokomaa na mche.

Tulichofanya ni kuipima kila video ikiwa na umri uleule: siku 7 tangu itoke. Hapo ndipo ukusanyaji wa ratiba unapokuwa wa lazima, kwa sababu YouTube haimpi mtu wa nje historia ya video isiyo yake. Ukiikosa namba ya siku ya saba, huwezi kurudi kuichukua siku ya kumi.

Namba tunazipata kupitia API rasmi ya YouTube, si kwa kukwangua kurasa. Kila mradi hupewa mgao wa kawaida wa yuniti 10,000 kwa siku, na kosa la wengi ni kuumaliza mgao huo kwa `search.list`, ambayo kila ombi lake hula yuniti 100. Hakuna haja ya kutafuta. Kila chaneli ina orodha ya video zake zote. Kitambulisho cha chaneli kinaanza na `UC`, na ukibadilisha herufi hizo mbili kuwa `UU` unapata kitambulisho cha orodha hiyo. Kuisoma kwa `playlistItems.list` ni yuniti 1 kwa video 50. Kisha unaomba takwimu za video hadi 50 kwa pamoja, yuniti 1 nyingine:

```
GET https://www.googleapis.com/youtube/v3/videos
  ?part=snippet,statistics,contentDetails
  &id=ID1,ID2,ID3&key=KEY
```

Kwa chaneli tano, yake ikiwemo, mzunguko mmoja unatumia yuniti 6. Tukauweka ujirudie kila baada ya saa sita:

```
0 */6 * * * /usr/bin/python3 /opt/ulinganisho/kusanya.py
```

Kila safu inayohifadhiwa ina kitambulisho cha video, saa ilipotoka, saa tulipoipima, na namba tatu: `viewCount`, `likeCount`, `commentCount`. Saa ya kupima haifai kuachwa. Umeme au mtandao ukikatika mizunguko miwili, video fulani itapimwa ikiwa na siku saba na nusu, na bila saa hiyo hutajua. Katika siku 28 mizunguko inapaswa kuwa 112. Ikipungua, kwanza tunaangalia ni video zipi zilizofikisha siku saba katika pengo hilo, na hizo tunazitia alama.

Saa ilipotoka nayo ina mtego. Katika orodha ya chaneli, `snippet.publishedAt` ni saa video ilipoingizwa kwenye orodha. Ile unayoitaka ni `contentDetails.videoPublishedAt`. Zote ziko katika saa za UTC, kwa hiyo video iliyotoka Dar es Salaam saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Machi, itasomeka kuwa ya Februari usipoongeza saa tatu.

Mtego ulionisumbua zaidi ni pale namba inapokosekana. Mmoja wa washindani alikuwa na mapishi ya watoto ya kubeba shuleni, na video zilizotajwa kuwa za watoto huzimwa maoni. API haileti sifuri. `commentCount` haiji kabisa. Programu yetu ya kwanza iliandika 0, na chaneli ile ikaonekana imesuswa na watazamaji wake. Siku hizi pengo linabaki pengo, na video hiyo haiingii katika hesabu ya maoni. Vivyo hivyo mwenye video akificha laiki. Na kitambulisho tulichokuwa nacho jana kisipoleta chochote leo, video imefutwa au imefanywa ya faragha. Hauji ujumbe wa kosa wa kukuamsha. Bado tunaihesabu katika idadi ya video za mwezi, maana ilitoka.

Mwezi wetu una siku 28. Sababu moja ni kwamba kila siku ya juma inaingia mara nne sawasawa, kwa hiyo mwezi wenye Ijumaa tano haumpendelei anayetoa video kila Ijumaa. Sababu nyingine ni masharti ya YouTube: data ya namna hii ikifika siku 30 ifutwe au ichukuliwe upya, na ukiichukua upya umepoteza namba ya siku ya saba. Video ya siku ya 1 inapimwa siku ya 8. Ya siku ya 28 inapimwa siku ya 35. Ripoti tunaiandaa siku ya 36, data kongwe ikiwa na siku 28, kisha data ghafi ya kipindi hicho inafutwa.

Shorts zina jedwali lake. Tangu 31 Machi 2025, mtazamo wa Shorts unahesabiwa mara tu video inapoanza kucheza, kwa hiyo ukizichanganya na video ndefu unajumlisha vitu viwili tofauti. API haina alama inayosema hii ni Shorts. Tunatenga kila yenye sekunde 180 au pungufu, kisha mtu anaangalia kwa macho zile zilizopigwa kwa ulalo.

Katika kipindi cha kwanza tulichokipima kwa umri mmoja, video ya katikati ya mteja wetu ilipata watazamaji 2,100, na ya mshindani yule 2,900. Katika laiki na maoni kwa kila watazamaji 100, hata hivyo, mteja alimpita: 6.1 dhidi ya 3.4. Video mbili za mshindani zilikuwa na watazamaji wengi kuliko nyingine zote, lakini laiki zake hazikufika moja kwa kila mia. Dalili hiyo huonekana video inapotangazwa kwa kulipia, ila kwa nje haithibitiki. Watazamaji waliotokana na matangazo na muda ambao watu walitazama vinaonekana na mwenye chaneli tu. Katika ripoti tuliziandika pembeni, tukakokotoa tena bila hizo mbili. Video ya katikati ya mshindani ilishuka hadi 2,700.

Mteja aliuliza swali moja tu: zile tisa za mwishoni mwa Shaabani zilitoka siku zipi na saa ngapi.