Ngozi nyeusi, sindano ya urembo na doa linalobaki

Mama mmoja wa Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 47, alikuja kliniki miezi mitatu kabla ya harusi ya binti yake. Alitaka kujaziwa ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Fila, kama wateja wanavyoiita, ni jeli ya asidi ya hyaluroni. Huwekwa chini ya ngozi ili kuinua sehemu iliyobonyea. Kuiweka hakuchukui hata nusu saa. Miezi mitatu aliyokuja nayo mkononi ndiyo iliyoamua matokeo, na kwa ruhusa yake nitaeleza ilivyotumika, bila jina.

Kwenye ngozi yetu kinachosumbua zaidi si sindano yenyewe. Ni doa. Ngozi nyeusi ikichomwa, ikikwaruzwa au ikivimba, seli zinazotengeneza melanini hushtuka na kumwaga rangi kupita kiasi. Damu iliyovilia huondoka kwa wiki moja au mbili, lakini weusi unaofuata uvimbe unaweza kukaa miezi. Kwa hiyo karibu kila tunachomwambia mteja aache kabla ya sindano, na kila tunachomtaka afanye baadaye, lengo lake ni moja: uvimbe uwe mdogo, na mwanga usiukute wazi.

Siku ya kwanza tulimwomba alete kila anachopaka. Hili ni ombi ambalo wengi hulijibu nusunusu, kwa aibu. Yeye alileta mfuko mzima na kuumwaga mezani. Kulikuwa na jeli ya retinoli aliyoletewa na mdogo wake kutoka Dubai, losheni yenye asidi ya glaikoliki, na kikopo kisicho na lebo. Muuguzi mwenzangu alimuuliza kwa upole, "Mama, na hiki ni nini?" Akasema, "Hiki ni cha kung'arisha tu, mwanangu. Nakipaka usiku." Kilikuwa mkorogo alionunua Kariakoo. Bomba moja kati ya yale muuzaji aliyotumia kuchanganyia alikuwa bado analo nyumbani. Alipolileta kesho yake tulisoma jina la klobetasoli, steroidi kali kuliko nyingi zinazopakwa kwenye ngozi.

Hata bila bomba lile, ngozi ilikuwa imeshasema. Mashavu yalikuwa meupe na yanang'aa, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Ukimsogelea karibu na dirisha uliona vimishipa vyembamba vyekundu kandokando ya pua, na vipele vidogo kuzunguka mdomo. Steroidi ikipakwa kwa muda mrefu huikondesha ngozi na kudhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu. Sindano ikipita hapo damu huvilia kirahisi, kidonda huchelewa kufunga, na wadudu wa maradhi hupata nafasi. Kibaya zaidi, steroidi hufunika wekundu na maumivu, hivyo maambukizi yanaweza kuanza bila dalili ya wazi. Haidrokwinoni na zebaki, ambazo pia hukutwa kwenye mikorogo, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, lakini kikopo kisicho na lebo hakimwambii mtu kimebeba nini.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakisikia "acha mkorogo", wanaacha usiku huohuo, wiki moja kabla ya sindano. Ngozi iliyozoea steroidi kali ikinyimwa ghafla huwaka: huvimba, huwasha, hububujika vipele. Ukimchoma mtu katika hali hiyo umemchagulia madoa wewe mwenyewe. Daktari aliahirisha sindano. Alimpunguzia taratibu: kwanza usiku mmoja anapaka na mmoja anaacha, kisha mara mbili kwa wiki, kisha krimu ya kawaida ya kulainisha peke yake. Ilichukua wiki sita hadi vipele vikatulia. Kwa aliyetumia miaka mingi, muda huo unaweza kuwa mrefu zaidi, na kama harusi iko karibu, jibu sahihi ni kwenda harusini bila sindano.

Retinoli na asidi ya glaikoliki hazikuhitaji safari ndefu hivyo. Zote mbili huifanya ngozi ya juu iwe nyepesi na yenye kuchomeka, kwa hiyo tulimwambia aziweke kando wiki moja kabla, asizirudie mpaka wiki moja baada. Halafu akauliza swali ambalo nililitegemea: "Na singo je?" Mama huyu asili yake Tanga, na harusi bila singo haikamiliki. Singo husuguliwa. Chembe zake za viungo na maua yaliyosagwa huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na mafuta yake ya manukato yanaweza kuiwasha ngozi iliyotobolewa. Tulikubaliana mwili apakwe kama kawaida, uso uachwe wiki moja kabla na wiki mbili baada. Utoaji wa nyusi kwa uzi na kufukiza uso kwa mvuke viliingia kwenye katazo hilohilo.

Dawa za kumeza zilitaka uangalifu mwingine. Goti lilimsumbua, na alikuwa akimeza ibuprofeni karibu kila siku, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu. Vyote vinapunguza uwezo wa chembe sahani kushikana na kuziba tundu. Aspirini hufanya kazi hiyo kwa namna isiyorudi nyuma: chembe iliyoguswa hubaki hivyo hadi inapokufa, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Ndiyo maana huambiwa uache aspirini mapema. Ibuprofeni athari yake huisha haraka zaidi, ila sisi humwambia mteja aache wiki nzima ili asichanganyikiwe, atumie parasetamoli. Lakini yule aliyeandikiwa aspirini au warfarini kwa ajili ya moyo au kiharusi haruhusiwi kuiacha kwa sababu ya urembo. Alama ya damu usoni hupita, na mshipa ukiziba kichwani ni habari nyingine kabisa. Huyo azungumze na daktari wake wa moyo kwanza, na mara nyingi jibu huwa ni kuendelea na dawa na kukubali alama.

Jambo la mwisho kabla ya siku yenyewe lilikuwa jino. Alikuwa na miadi ya kung'oa gego wiki ileile. Kazi ya meno huingiza bakteria kwenye damu, nao wanaweza kutulia kwenye jeli. Tukaacha wiki mbili kati ya jino na sindano.

Siku ya sindano ilipangwa wiki nne kabla ya harusi. Alikuja uso mkavu, bila poda wala mafuta. Hata hivyo tulimsafisha mara mbili, maana mafuta ya nywele hushuka hadi pembezoni mwa uso, na kinachoachwa juu ya ngozi sindano hukisukuma ndani. Dawa ya kusafishia ilikuwa klorheksidini yenye spiriti, ikiwekwa mbali na macho kwa sababu inaweza kuumiza konea. Daktari alitumia kanula butu, tundu moja kila upande, jeli mililita 1 kwa kila mkunjo. Tundu moja badala ya matano ni chaguo la makusudi kwa ngozi ya rangi hii, kwa kuwa kila tundu ni mahali doa linaweza kuanzia. Pamoja na hayo yote, upande wa kushoto damu ilivilia.

Kwenye ngozi nyeusi kuvilia huko hakuonekani kama picha za vitabuni. Hakuna zambarau ya wazi. Kuna kivuli cha kahawia iliyokolea, na ukigusa unapata uvimbe na joto kidogo. Tuliweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi kwa dakika 10, tukapumzisha, tukarudia. Kisha tukamfundisha kutofautisha hali hii na hatari. Fila ikiingia kwenye mshipa na kuuziba, maumivu huongezeka badala ya kupungua, ngozi hupauka au kuwa na mabaka kama nyavu, na hupoa. Kwa kuwa kupauka ni kugumu kuona kwenye shavu jeusi, aangalie ndani ya mdomo wa juu na ufizi, na abonyeze ngozi kwa kidole. Damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, apige simu saa hiyohiyo, kwani ipo dawa ya kuyeyusha jeli, hyaluronidesi, na haipendi kusubiri. Akiona ukungu machoni aende hospitali moja kwa moja.

Usiku huo hakupaka chochote. Hakukanda uso, hakulala kifudifudi, na siku mbili alikaa mbali na moto wa jiko la mkaa, mazoezi na joto lolote kali. Jua lilihitaji mpango wake. Matundu yanahitaji kama siku moja kufunga, na ndani ya muda huo losheni ya kukinga jua isipakwe juu yake, kwa hiyo kinga ya siku ya kwanza ilikuwa kukaa ndani na mtandio mpana. Siku ya pili ndipo losheni ilipoanza.

Si kila losheni. Namba ya SPF huhesabu hasa mionzi inayounguza. Melanini yetu huchochewa pia na mwanga unaoonekana kwa macho, na losheni nyeupe za kawaida haziuzuii vizuri. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile rangi ya kahawia iliyomo kwenye losheni zenye rangi ya ngozi. Alichagua ya SPF 50 yenye rangi, akapaka kiasi cha mistari miwili juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, na akarudia kila saa mbili akiwa nje. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho na kudhani wamekingwa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, wakati jua la Dar linapokuwa kali zaidi, alitoka na mwavuli. Kwenye daladala alikaa upande wa kivuli, maana kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi ya jua na hupitisha ile inayochochea weusi.

Wiki ya tatu singo ikarudi usoni, laini na bila kusugua kwa nguvu. Retinoli ilikuwa imesharudi kabla yake, usiku mmoja kwa kila siku tatu. Siku ya harusi mikunjo ilikuwa imejaa, na pale damu ilipovilia upande wa kushoto palibaki doa dogo lililofunikwa na vipodozi. Hapo ndipo kishawishi cha mkorogo hurudi. Badala yake daktari alimwandikia krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, asubuhi na usiku, losheni yenye rangi ikiendelea juu yake kila asubuhi, na akamwambia asitarajie mabadiliko kabla ya wiki nane.