Mstari wa Saa

Nikiona tangazo la kongamano la mtandaoni, kabla ya mada na wazungumzaji mimi husoma mstari wa saa. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Tuseme kongamano ni la Siku ya Kiswahili Duniani, Jumanne tarehe 7 Julai 2026, jioni wakati watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wameshatoka kazini. Mwenye haraka ataandika "saa 7:00 PM". Msomaji wa Tanga, anayehesabu saa tangu macheo, atabaki akijiuliza kama ni saa 7 mchana au saa 1 usiku. Fundi huandika "saa 1:00 usiku, 19:00 EAT". Anayehesabu kwa Kiswahili anaongozwa na neno usiku, na 19:00 haina pacha wa asubuhi wa kuchanganywa naye.

Kisha huwafuata wasomaji waliko. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa 12 jioni. Maskati saa 2 usiku. London saa 11 jioni. New York saa 6 mchana. Hutaja miji badala ya nchi, maana Kongo pekee ina majira mawili: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja.

Uangalifu wake huonekana zaidi kongamano hilo likiahirishwa hadi 28 Oktoba. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo wiki hiyo London itakuwa saa 10 jioni, ilhali New York bado ni saa 6 mchana. Anayenakili mstari wa Julai atawafikisha watu wa London saa nzima baada ya mkutano kuanza. Fundi huanza upya kutoka 16:00 UTC, mji mmoja mmoja.

Kiungo cha kujisajili nacho hupewa muda wake. Kwenye Instagram, kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakifunguki kwa kubofya. Kwa hiyo huchagua anwani fupi ambayo mtu anaweza kuiandika mwenyewe, na huiweka pia kwenye wasifu wa ukurasa. Halafu huijaribu kwa simu ya mtu mwingine, asiye na akaunti ya taasisi, kwa kuwa fomu inayomfungukia mwenyewe inaweza kuwadai wageni ruhusa. Akiona ombi la ruhusa, hurekebisha fomu kabla ya kuchapisha.

Hatimaye hurudi kwenye bango lenyewe. Watu hulipakua na kuliweka kwenye status za WhatsApp bila maelezo ya chini. Siku, saa, majina ya wazungumzaji na ile anwani fupi vinapokuwa ndani ya picha, hata atakayeliona kwa mtu wa tatu ataweza kujisajili.