Shilingi 22,833.33 Zimetoka Wapi?

Chukua mfano wa nyumba ya wageni pale Mikindani inayolipia mfumo wa mtandaoni wa kupokea wageni wanaokwenda Msimbati na kwenye mdomo wa Ruvuma. Kifurushi kidogo ni shilingi 90,000 kwa mwezi, kikubwa 150,000, kabla ya VAT. Tarehe 19 Juni, saa 8 mchana, wageni wameongezeka na mwenye nyumba anapanda kifurushi kikubwa. Tarehe 1 Julai anatarajia ankara ya 150,000, lakini inakuja ya 172,833.33. Wengi hapo hudhani wameibiwa.

Hajaibiwa. Alikuwa amekwishalipia Juni yote kwa bei ya zamani, kwa hiyo mfumo umefanya mambo mawili. Kwanza umemrudishia thamani ya muda ambao hakuutumia kwenye kifurushi kidogo. Kisha umemtoza muda huohuo kwa bei ya kifurushi kikubwa. Mifumo mingi ya malipo, Stripe ikiwamo, haihesabu kwa siku nzima bali kwa sekunde, na ndiyo sababu tarakimu hazikai sawa. Kuanzia saa 8 mchana ya tarehe 19 hadi usiku wa manane wa kuamkia Julai zimebaki saa 274, kati ya saa 720 za Juni:

```
-90,000  x 274/720 = -34,250.00
150,000  x 274/720 =  57,083.33
tofauti            =  22,833.33
```

Tofauti hiyo haikudaiwa siku ileile. Ilisubiri ankara iliyofuata na kujumlishwa na 150,000 ya Julai nzima. Hivyo ndivyo Stripe inavyofanya isipoelekezwa vingine. Mtoa huduma akichagua `always_invoice`, tofauti hudaiwa papo hapo, na ankara ya Julai inabaki 150,000 tupu. Binafsi naona njia hii ina haki zaidi kwa mteja, maana deni analiona akiwa bado anakumbuka alichobofya.

Ukirudia hesabu kama hii ukapata pungufu ya shilingi 250 kuliko ilivyo kwenye ankara yako, tazama saa. Seva nyingi hufuata UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mwezi ukifungwa saa sita usiku ya UTC, Mtwara ni saa 9 usiku. Saa zilizobaki zinakuwa 277, na tofauti inakuwa 23,083.33. Hilo si kosa.

Kosa ni pale mstari wenye alama ya kutoa unapokosekana, ule unaoanza na `Unused time on`. Ukiona 57,083.33 peke yake juu ya bei ya mwezi, umetozwa muda uleule mara mbili. VAT nayo ikokotolewe baada ya kutoa 34,250, si kabla. Ukikuta kasoro mojawapo, usilipe kwanza: mwandikie mtoa huduma, taja tarehe na saa uliyopanda kifurushi, na udai mstari huo.